Uwiano wa umbo la Gartley: wapi ubane, wapi ulegeze (mwongozo kamili)

Nimeangalia chati nyingi za watu wanaojifunza maumbo ya hamoniki, yaani michoro ya bei yenye pointi tano, X, A, B, C na D, inayopimwa kwa uwiano wa Fibonachi, na kosa linalojirudia ni moja. Mtu mmoja anakataa umbo zuri kwa sababu pointi B imesimama kwenye 0.627 badala ya 0.618. Mwingine anakubali umbo ambalo B iko 0.70, kisha anashangaa bei inapopita kwenye D bila hata kupunguza mwendo. Wote wawili wanauliza swali lilelile: hizi namba nizifuate kwa ukali kiasi gani?

Jibu langu ni kwamba ukali haupaswi kuwa sawa kwenye kila pointi. Ipo pointi ambayo ni geti, ipo ambayo ukiibana utajidanganya, na ipo ambayo si pointi kabisa bali ni eneo. Nitatumia umbo moja tu, Gartley la kununua, tulimalize vizuri. La kuuza ni hilohilo limegeuzwa juu chini.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Chati ya mishumaa inayokuonyesha bei ya juu na ya chini ya kila mshumaa. Kwenye TradingView tumia kifaa kinachoitwa `XABCD Pattern`. Kama programu yako haina, kifaa cha Fibonachi cha kawaida kinatosha.
- Kikokotoo au jedwali la kompyuta. Usiamini macho.
- Daftari la kuandika namba kabla umbo halijakamilika. Hili ni la lazima, utaona sababu kwenye hatua ya pili.
- Spredi ya broka wako kwenye soko hilo, kwa pipsi.
- Akaunti ya majaribio.

Kwa umbo la kununua, hesabu zote unazohitaji ni hizi:

```
XA    = A - X
B     = (A - bei_B) / XA
C     = (bei_C - bei_B) / (A - bei_B)
D_786 = A - 0.786 * XA
D_AB  = bei_C - (A - bei_B)
```

Bei inapanda kutoka X hadi A, inarudi chini hadi B, inapanda kidogo hadi C, kisha inashuka hadi D ambako tunatarajia igeuke. Kwenye Gartley, B inatakiwa irudi 0.618 ya XA na D irudi 0.786 ya XA. Pia mguu wa CD unatakiwa uwe sawa au karibu sawa na mguu wa AB.

## Hatua ya 1: Pima kama mguu wa XA ni mrefu vya kutosha

Hatua hii wengi hawaijui kabisa, na ndiyo inayoamua kama swali la ukali lina maana au halina.

Bei ya chini kabisa unayoiona kwenye chati si kitu kimoja kwa kila mtu. Fungua soko lilelile kwa broka wawili, utakuta utambi wa mshumaa mmoja umetofautiana kwa pipsi moja, mbili, pengine zaidi. Ongeza spredi. Kwa hiyo kila pointi unayoweka ina kosa ndani yake hata kama mkono wako umetulia.

Tuseme kosa hilo ni pipsi 3. Kwenye XA yenye pipsi 200, pipsi 3 ni 0.015 ya mguu, yaani kitu kidogo. Kwenye XA yenye pipsi 30, pipsi zilezile 3 ni 0.10. Maana yake hapo huwezi kutofautisha B ya 0.618 na B ya 0.52. Unabishana kuhusu desimali ya tatu wakati hata ya kwanza huna uhakika nayo.

Kanuni ninayotumia: XA iwe angalau mara 50 ya kosa lako. Kosa likiwa pipsi 3, XA isipungue pipsi 150. Hapo kosa la kila pointi linabaki ndani ya 0.02.

Onyo. Ndiyo maana maumbo ya chati za dakika moja na dakika tano yanaonekana mengi na mazuri. Mguu ukiwa mfupi, karibu kila mchoro unaweza kulazimishwa kufanana na umbo fulani.

Utajua umefaulu kama umeandika namba mbili kwenye daftari, kosa lako na urefu wa XA, na ya pili ni mara 50 ya ya kwanza au zaidi.

## Hatua ya 2: Weka X na A, kisha usiziguse tena

X ni bei ya chini kabisa ya mzunguko uliozaa mguu wa kupanda, na A ni bei ya juu kabisa iliyofuata kabla bei haijaanza kurudi. Pima kwenye ncha za tambi, na ufanye hivyo siku zote. Ukipima leo kwenye tambi na kesho kwenye mwili wa mshumaa, uwiano wako hauna maana.

Andika bei hizo mbili kwenye daftari kabla ya kupima B.

Nasisitiza hapa kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa muda mrefu nikifanya kosa hili bila kujua kama ni kosa. Ona linavyotokea. X iko 1.0800, A iko 1.1000, XA ni pipsi 200. B imesimama 1.0866, yaani imerudi pipsi 134, uwiano 0.67. Si Gartley. Lakini kushoto kidogo kuna utambi mwingine ulioshuka hadi 1.0790. Ukisogeza X pale, XA inakuwa pipsi 210, na 134 kugawanya kwa 210 ni 0.638. Ghafla umbo limekubalika, programu imelipaka rangi, na moyo umetulia.

Soko halijabadilika hata kidogo, kilichosogea ni kipanya chako. Tena pipsi 10 tu zilitosha.

Utajua umefaulu kama mtu mwingine akipewa maelezo yako ya namna ya kuchagua X na A anaweka pointi hizohizo bila kukuuliza.

## Hatua ya 3: B ni geti, hapa bana

Sababu ya kubana B ni kwamba ndiyo inayosema unatazama umbo gani, na jina la umbo ndilo linalokwambia D itakuwa wapi. B ikirudi kati ya 0.382 na 0.50, unatazama Popo, ambaye D yake iko 0.886. B ikiwa 0.618, ni Gartley, D iko 0.786. B ikiwa 0.786, unaelekea kwenye Kipepeo, ambaye D yake iko nje kabisa ya X, kwenye 1.27.

Kwa hiyo kulegeza B maana yake ni kununua mahali ambapo umbo lingine lingekwambia usubiri. Kwenye XA ya pipsi 200, tofauti kati ya D ya Gartley na D ya Popo ni pipsi 20. Mtu aliyeita 0.53 Gartley ananunua kwenye 0.786, bei inaendelea hadi 0.886, inamtoa au inamtisha, kisha inageuka.

Mimi naruhusu 0.03 kila upande: kuanzia 0.588 hadi 0.648. Chini ya hapo sikubali, juu ya hapo sikubali. Kwa nini 0.03 na si 0.01? Rudi hatua ya kwanza. Kosa la kipimo peke yake linaweza kufika 0.02, kwa hiyo ukibana hadi 0.01 utakuwa unachuja kelele za broka, si maumbo. Na kwa nini isiwe 0.08? Kwa sababu utaanza kuingia kwenye mipaka ambako jina la umbo halieleweki.

Sehemu ya katikati, kama 0.55 au 0.70, haina jina. Iache. Kuna watu wanaona uchungu kuacha mchoro uliokaribia, lakini B isiyo na jina haikuambii D iko wapi, na bila D huna mpango.

Twende na mfano tutakaoufuata hadi mwisho. Namba ni za kujifunzia. X ni 1.0800, A ni 1.1000. B imesimama 1.0873. Imerudi pipsi 127, na 127 kugawanya kwa 200 ni 0.635. Iko ndani ya 0.588 hadi 0.648. Geti limefunguka.

Onyo. B haijawa B mpaka bei ipande kutoka pale na kuacha mshumaa wenye bei ya chini iliyo wazi, yaani mishumaa ya kushoto na kulia kwake haikushuka chini zaidi yake. Ukiipima bei ikiwa bado inashuka, unapima kitu kinachosogea.

## Hatua ya 4: C usiibane, iache AB=CD iamue

Maelezo ya kawaida yanasema C irudi popote kati ya 0.382 na 0.886 ya AB. Wasomaji makini huuliza: mbona pointi hii imeachiwa nafasi kubwa hivyo, au nichague 0.618 tu?

Usichague. Hapa kuna jambo ambalo ukilihesabu mara moja utaacha kuabudu namba hizi. Chukua Gartley kamili kwenye XA ya pipsi 200. B iko pipsi 123.6 chini ya A. D iko pipsi 157.2 chini ya A. Ukitaka CD iwe sawasawa na AB, nayo iwe 123.6, basi C lazima iwe pipsi 33.6 chini ya A. Hapo BC ni pipsi 90, na 90 kugawanya kwa 123.6 ni 0.728.

Yaani masharti matatu ya Gartley yakitimia kwa ukamilifu, C ina mahali pamoja tu pa kukaa, na mahali hapo si 0.618 wala 0.786. Ni 0.728, namba ambayo hata haimo kwenye orodha ya Fibonachi.

Endelea kuhesabu. C ikiwa 0.618 kamili, AB=CD inaangukia 0.854 ya XA, karibu na kwa Popo kuliko kwa Gartley. C ikiwa 0.382, ambayo maelezo ya kawaida yanairuhusu, AB=CD inaangukia kwenye X penyewe. Umbo lenye C ya namna hiyo haliwezi kuwa na 0.786 na AB=CD kwa pamoja, hata ungesubiri mwaka.

Makadirio ya BC nayo yana shida hiyohiyo. Utaambiwa CD iwe kati ya mara 1.13 na mara 1.618 ya BC. Lakini B ikiwa 0.618 na D ikiwa 0.786, hata C ipande mpaka iguse A, uwiano huo unakuwa 1.272. C ikibaki chini ya A, uwiano unazidi 1.272 daima. Ile 1.13 haifikiki. Ndiyo maana siutumii mstari huo kuamua chochote. Nauchora, nauangalia, basi.

Anayesema anafuata kila uwiano kwa ukali wote hajazihesabu pamoja. Namba zinapingana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo lazima uchague zipi zitawale. Mimi nimechagua mbili: 0.786 ya XA na AB=CD.

Kwenye mfano wetu C imefika 1.0963. BC ni pipsi 90, na 90 kugawanya kwa 127 ni 0.709. Hatuiulizi swali jingine.

Onyo. C ikivuka A, futa mchoro. Si Gartley tena, ni soko linaloendelea kupanda.

## Hatua ya 5: D ni eneo, lichore kabla bei haijafika

Hesabu mistari miwili.

Wa kwanza ni 0.786 ya XA: 1.1000 toa pipsi 157.2, unapata 1.0843 ukikadiria.

Wa pili ni AB=CD: 1.0963 toa pipsi 127, unapata 1.0836.

Sasa pima umbali kati yao. Ni pipsi 7, ambazo ni 0.035 ya XA. Kanuni yangu ni kwamba umbali huo usizidi 0.06 ya XA. Kwenye pipsi 200, hiyo ni pipsi 12. Mistari ikiachana zaidi ya hapo, vipimo viwili vinakwambia vitu viwili tofauti, na umbo linakataliwa hata kama B ilikuwa 0.618 kamili. Kwa njia hii C imechujwa yenyewe bila wewe kuibana: B ikiwa kamili, ni C za kati ya 0.63 na 0.83 tu ndizo zinazopita.

Kisha ongeza kosa la kipimo, 0.02 ya XA, juu na chini. Hizo ni pipsi 4 kila upande. Eneo letu linakuwa kuanzia 1.0847 hadi 1.0832.

Mwenye kutaka 0.786 kamili ataweka oda moja kwenye 1.0843. Siku bei ikigeukia 1.0845 atabaki ameshika mikono, na siku ikishuka hadi 1.0834 atakuwa ndani akiwa na hofu, akidhani umbo limevunjika. Katika hali zote mbili soko lilikuwa ndani ya eneo halali.

Utajua umefaulu kama eneo limechorwa, bei zake mbili ziko kwenye daftari, na bei ya soko bado haijafika pale.

## Hatua ya 6: Kuingia kwa subira, kutoka kwa ukali

Bei kuingia kwenye eneo si sababu ya kununua. Subiri mshumaa uliogusa eneo ufungwe. Kama umefungwa juu ya ukingo wa juu wa eneo, soko limekataa kushuka zaidi, hapo nunua. Kama umefungwa chini ya ukingo wa chini, usinunue.

Kwenye mfano wetu, mshumaa wa saa nne unashuka hadi 1.0838, kisha unafungwa 1.0850. Utambi umeingia katikati ya eneo, mwili umetoka nje kwa juu. Tunanunua 1.0850. D yetu sasa ni 1.0838, ambayo ni 0.81 ya XA.

Stop losi iwe wapi? Wengi huiweka chini ya X. Hapa ingekuwa kama 1.0793, pipsi 57 kutoka tulipoingia. Shabaha ya kwanza ya kawaida ni 0.382 ya mwendo kutoka A hadi D: pipsi 162 mara 0.382 ni 62, kwa hiyo 1.0900. Hiyo ni faida ya pipsi 50 dhidi ya hatari ya pipsi 57, na sioni sababu ya kuikubali.

Mimi naiweka chini kidogo ya 0.886. Mstari huo uko 1.0823, natoa pipsi 5, napata 1.0818. Hatari ni pipsi 32. Mantiki yake ni hii: nimesema bei itageuka karibu na 0.786, nikajipa nafasi ya kukosea. Bei ikishavuka 0.886, nilichosema si kweli tena, na kusubiri ifike X ni kulipia wazo lililokwisha kufa.

Gharama ya uchaguzi huu ipo, nami nimeilipa. Mara nyingine bei hushuka hadi karibu na X, inakutoa, kisha inapanda. Ukiona hilo linakuuma kupita kiasi, tumia stop losi ya chini ya X, lakini punguza ukubwa wa trade ili fedha unayohatarisha ibaki ileile.

Shabaha ya pili ni 0.618 ya A hadi D: pipsi 100 juu ya 1.0838, yaani 1.0938. Nafunga nusu kwenye 1.0900 na nusu kwenye 1.0938.

Onyo. Habari kubwa za uchumi zikitoka wakati bei iko ndani ya eneo, subiri. Spredi hutanuka, na kosa lako la hatua ya kwanza linaacha kuwa pipsi 3.

## Hatua ya 7: Jaribu namba zako dhidi ya namba bandia

Hii ndiyo itakayokupa jibu lako mwenyewe kuhusu ukali.

Rudi nyuma kwenye chati, kusanya maumbo 50 yaliyopita hatua ya kwanza na ya pili, yakiwemo yale ambayo B yake haikupita geti. Kwa kila moja andika uwiano halisi wa B, umbali kati ya mistari miwili ya D, na kilichotokea: ilifika shabaha ya kwanza au stop losi. Yapange kwa jinsi B ilivyokuwa mbali na 0.618. Kama ya 0.61 hadi 0.63 hayafanyi vizuri kuliko ya 0.59 hadi 0.65, kubana zaidi hakukuongezei kitu.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa. Chukua soko hilohilo na kanuni zilezile za stop losi na shabaha, lakini badala ya D ya 0.786 tumia namba usiyoiamini, mfano 0.72, na B yoyote ambayo uwiano wake ni mdogo kuliko huo. Kusanya mengine 50. Matokeo yakikaribiana na ya Gartley, basi kinachokulipa si uwiano. Ni kununua kwenye marejeo ya soko linalopanda ukiwa na stop losi fupi, na hilo linaweza kufanyika bila kuchora herufi tano.

Upana wa 0.03 unaoutumia uandike kabla ya kuanza kuhesabu. Ukiubadilisha baada ya kuona matokeo, maumbo yaliyotumika hayahesabiki tena, na itabidi ukusanye mengine 50 mapya.